Fungu la Fakiri: Mazungumzo ya Idi ya Kuchinja

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zetu, wazee wetu, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na vijana wa mtaa. Leo ni tarehe 5 Mfunguo Tatu. Zimebaki siku tano tuchinje. Nimeombwa niseme juu ya Idi hii: ilikotoka, maana yake, na nyama inavyogawanywa. Nitaanza kwa Nabii Ibrahim, alayhi salaam, lakini nawaambieni mapema kwamba moyo wangu uko kwenye nyama. Kisa tunakijua tangu chuoni. Fungu la fakiri ndilo tunalolikosea kila mwaka, tena tunalikosea huku tukidhani tumetenda wema.

Nabii Ibrahim alikuwa mtu mzima, hana mtoto. Akamwomba Mola wake ampe mtoto aliye mwema, akabashiriwa kijana mpole. Haya yamo katika Suratu Swaffat. Mtoto akakua mpaka akafikia umri wa kufuatana na baba yake katika shughuli zake. Wazazi mnaujua umri huo. Ni pale mtoto anapoanza kukushika mkono kazini, unapomtuma akatumika, unapoanza kusema moyoni, "Sasa nina mwenzangu." Hapo ndipo ndoto ilipokuja, na ndoto ya Mtume ni wahyi.

Tazameni alivyofanya. Hakumvizia mwanawe usingizini wala hakumdanganya. Alimwambia: mwanangu, nimeona usingizini kwamba nakuchinja, basi tazama, waonaje? Mtoto akajibu: baba yangu, fanya unaloamrishwa, utanikuta inshallah miongoni mwa wenye kusubiri. Kisha Qur'ani inasema "falammaa aslamaa". Waliosoma sarufi wanajua kuwa Kiarabu kina umbo maalumu la watu wawili, na neno hili limekuja kwa umbo hilo. Walijisalimisha wote wawili. Aliyeshika kisu alijisalimisha, na aliyelazwa chini alijisalimisha. Neno lenyewe ni shina moja na neno Uislamu.

Kijana hakukatwa. Ibrahim aliitwa kwamba ndoto ameshaisadikisha, na mwanawe akakombolewa kwa mnyama wa kuchinjwa aliye mkubwa. Qur'ani haikumtaja kijana kwa jina katika aya hizi. Wanazuoni walio wengi wanasema ni Ismail, na hoja yao mojawapo ni kwamba bishara ya kuzaliwa Is-haq inakuja baada ya kisa hiki kwisha, katika sura hiyohiyo. Wako wa zamani waliosema ni Is-haq, na Imamu Tabari ni mmoja wao. Nimelitaja kwa sababu kila mwaka kuna kijana ananiuliza, na ni haki yake kujua kuwa wakubwa walilizungumza bila kugombana.

Ninachotaka mkishike ni hiki. Ibrahim alikuwa tayari kutoa kilicho kipenzi kuliko vyote, na Mwenyezi Mungu akamrudishia. Nasi ndivyo tunavyofanyiwa. Tunamtoa mnyama kwa ajili ya Mungu, halafu Mungu anaturudishia nyama yake. Katika Suratul Hajj amesema kwamba nyama zao hazimfikii wala damu zao, bali kinachomfikia ni uchamungu wetu. Sasa kama nyama haiendi kwake, inakwenda wapi? Sura hiyohiyo imejibu mara mbili. Mahali pamoja imesema: kuleni katika hao, na mlisheni mwenye dhiki aliye fakiri. Mahali pengine imesema: kuleni, na mlisheni anayenyamaza na anayeomba.

Kwa hiyo nyama inarudi kwetu, lakini hairudi ikiwa mali yetu kama ile tunayoinunua bucha. Ndiyo maana mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema mwenye kuchinja haruhusiwi kuuza kitu chochote cha mnyama wake: si nyama, si mafuta, si ngozi, si pembe. Ukikubali kwamba mnyama yule ulishamtoa, hukumu nyingine zote zitakuwa nyepesi kuzielewa.

Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili. Akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili bora kuliko hizo: siku ya Adh-ha na siku ya Fitri. Yeye mwenyewe alichinja kondoo dume wawili wenye pembe, weupe waliochanganyika na weusi, kwa mkono wake, akataja jina la Mwenyezi Mungu na kutoa takbira, mguu wake ukiwa ubavuni mwa mnyama.

Kwetu Mashafii kuchinja huku ni sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo. Kwa Mahanafi ni wajibu. Mbuzi mmoja au kondoo mmoja huwatosha mtu na watu wa nyumba yake. Ng'ombe na ngamia hushirikiana watu saba. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili, ng'ombe miaka miwili, ngamia miaka mitano, na kondoo mwaka mmoja, au awe amekwisha kung'oka meno ya mbele. Asiwe chongo wa wazi, wala mgonjwa wa wazi, wala kiguru wa wazi, wala aliyekonda mpaka mifupa haina uboho. Mnadani msiulize bei kabla ya kumfungua mdomo na kumtembeza hatua kumi. Mbuzi anayechechemea huonekana akitembea. Akiwa amefungwa kamba kwenye nguzo humjui.

Na wakati ni baada ya sala. Abu Burda bin Niyar, mmoja wa masahaba, aliamka siku ya Idi akijua kuwa leo ni siku ya kula, akapenda kondoo wake awe wa kwanza kuchinjwa. Akachinja kabla ya sala, akala, akalisha watu wake na majirani zake. Mtume akamwambia: kondoo wako ni kondoo wa nyama. Yaani umekula nyama, hukuchinja udh-hiya. Nia yake ilikuwa njema na majirani walikwisha kula, lakini ilibidi achinje mwingine. Muda ukishaingia baada ya sala na khutba, kwetu unaendelea mpaka jua litue tarehe 13. Asiyeweza kuchinja siku ya kwanza asihangaike.

Sasa nije kwenye fungu.

Wengi wetu tumezoea hivi. Mnyama anachinjwa, anachunwa, nyama inaingia jikoni, inapikwa pilau la sufuria kubwa, tunawaita watu, masikini na tajiri, wanakaa mkekani wanakula, wanaomba dua, wanaondoka. Tunasema tumelisha masikini. Ni jambo zuri, na pilau la Idi ni katika mila zetu za pwani ambazo sitaki zife. Lakini kwa madhehebu yetu, pilau lile halitoshi. Fakiri lazima apewe nyama mbichi, aimiliki, hata kama ni kidogo, hata kama ni fakiri mmoja. Akiisha kupewa iwe yake: apike mchuzi, aikaushe, ampelekee mama yake kijijini, au aiuze anunue unga. Usikate shauri kwa niaba yake.

Tena iwe ni nyama. Wameeleza kuwa maini hayatoshi, utumbo hautoshi, mafuta hayatoshi, ngozi haitoshi kuwa ndilo fungu lake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa macho yangu katika mtaa niliokulia. Paja linaingia kwenye friji, sarara inapelekwa kwa mkubwa mmoja mwenye gari, na mama mwenye watoto watano anakabidhiwa mfuko wenye utumbo na kongoro mbili, anaambiwa "Idi mubarak." Mama yule alipokea kwa mikono miwili na akashukuru. Lakini haki yake ilikuwa bado iko ndani ya friji.

Na mtu akiuliza: mimi mwaka jana nilikula yote na familia yangu, sikujua, je? Jibu la mafakihi ni kwamba kuchinja kwake ni sahihi, ila anadaiwa kile kiasi kidogo kabisa ambacho ingemlazimu kukitoa. Anunue nyama kwa thamani yake ampe fakiri. Ni deni dogo, analilipa wiki hii na moyo wake unatulia.

Yaliyobaki ni hiari. Mnasikia sana habari ya mafungu matatu: theluthi moja ale na watu wake, theluthi awape zawadi ndugu na majirani, theluthi atoe sadaka. Huo ni mgawo mzuri na umepokewa kwa watu wema waliotangulia, lakini si faradhi. Aliye bora kwa Mashafii ni anayekula vipande vichache kwa kutafuta baraka, na nyingine yote akaitoa. Na yule aliyeweka nadhiri, akasema "Mungu akiniponyea mwanangu nitachinja Idi hii," huyo hali hata kipande, wala wale anaowajibika kuwalisha hawali. Yote ni ya mafakiri.

Aliyechuna naye msimlipe kwa nyama. Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, ameeleza kwamba Mtume alimwamuru asimamie ngamia wake, atoe sadaka nyama zao na ngozi zao na matandiko yao, na asimpe mchinjaji kitu chochote katika hivyo kuwa ni ujira. Akasema: sisi tunampa kutoka kwetu. Hiyo ni Hija ya kuaga, ngamia walikuwa 100. Mtume alichinja 63 kwa mkono wake na Ali akamalizia. Basi mchunaji mpatane naye fedha kabla, mkononi. Akiwa ni fakiri au jirani, mpe na fungu lake kama wengine, juu ya ujira wake. Kauli hizi za "chukua kichwa na ngozi tumalizane" tuziache. Ngozi mpe fakiri au itoe sadaka. Fakiri akishaimiliki, yeye anaweza kuiuza.

Kuna mwaka mmoja Madina uliofundisha jambo ambalo sisi wenye mafriji tunalihitaji kuliko wao. Watu wa mashambani waliingia mji wakiwa na njaa wakati wa Idi. Mtume akakataza: aliyechinja, isimkute asubuhi baada ya siku ya tatu ndani ya nyumba yake kukiwa na kitu katika nyama ile. Mwaka uliofuata masahaba wakauliza, tufanye kama mwaka jana? Bibi Aisha anaeleza kwamba watu walikuwa wakitengeneza viriba kwa ngozi na wakiyeyusha mafuta, sasa wakaogopa. Mtume akawajibu: kuleni, lisheni na wekeni akiba, mwaka ule watu walikuwa na dhiki, nikataka muwasaidie.

Kwa hiyo kuweka nyama kwenye friji si haramu. Lakini Imamu Shafii alipoizungumza hadithi hii alilitazama lile katazo pamoja na sababu yake, kwamba wakija wenye njaa, katazo liko palepale. Hebu kila mmoja autazame mtaa wake kwa jicho hilo. Mvua zikikosekana na bei ya unga ikapanda, mkulima akaja mjini kutafuta kibarua, huo ni mwaka wa aina ile, na friza iliyojaa mpaka Ashura haina utetezi.

Nimekuja na hesabu, na naomba tuifuate pamoja kwa sababu kosa letu jingine liko kwenye kugawa. Tuchukue beberu wa kawaida wa huku kwetu, uzito wa kilo 30 akiwa hai. Akichunwa, akatolewa tumbo, kichwa na miguu, hubaki kilo 12 au 13 pamoja na mifupa. Wanaodhani watapata kilo 25 hushangaa na kushuku wachunaji bure. Tuseme kilo 12. Theluthi ni kilo 4. Ukizikata robo robo utapata mafungu 16, utatembea nyumba 16 na utajisikia vizuri, lakini robo kilo yenye mfupa katika nyumba ya watu saba ni kuonja harufu. Mimi naona bora nyumba nne, kila moja kilo nzima, wapike washibe siku moja.

Tatizo ni kwamba kila mtu akienda peke yake, wote tunawakumbuka watu walewale: bibi anayekaa karibu na msikiti, na yule mzee kipofu tunayemwona kila Ijumaa. Yule bibi anapata mifuko kumi na hana friji. Kuna vyumba vya uani, vya wapangaji, ambako hakuna anayebisha hodi, kwa kuwa wenyewe hawaombi. Hao ndio wale wanaonyamaza waliotajwa katika aya.

Basi tuseme mtaa una watu tisa wenye mbuzi na makundi mawili ya watu saba, kila kundi na ng'ombe mmoja. Mbuzi tisa, kilo 4 kila mmoja, ni kilo 36. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hutoa nyama kama kilo 120. Wawili ni 240, theluthi ni 80. Jumla kilo 116. Kukiwa na nyumba 58 kwenye orodha, kila nyumba inapata kilo mbili kamili. Orodha hiyo iandikwe kabla ya Idi, na waandike kina mama, kwa sababu wao ndio wanaojua nani jana hakuwasha jiko.

Wale saba wa ng'ombe, gawaneni kwa mizani, si kwa macho. Kilo 120 kwa watu saba ni kama kilo 17 kila mtu. Wekeni kila sehemu ya mwili katika kila fungu, paja kidogo, mbavu kidogo, shingo kidogo, ili asije mmoja akaondoka na mapaja na mwenzake na mifupa. Nimeona ndugu wawili hawasemeshani kwa sababu ya mkono wa ng'ombe. Na kila mmoja katika saba atoe fungu la fakiri kutoka katika sehemu yake. Msitoe fungu moja dogo kwa niaba ya wote mkadhani mmemaliza, kwani kila sehemu ni udh-hiya yake mwenyewe.

Jirani asiye Mwislamu nimeulizwa sana. Abdallah bin Amr, sahaba wa Mtume, alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, akauliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Mmempelekea jirani yetu Myahudi? Kisha akataja usia wa Jibrili juu ya jirani. Kuhusu nyama ya udh-hiya hasa wanazuoni wamekhitalifiana. Wako katika Mashafii waliokataza, na wako walioruhusu katika udh-hiya ya sunna. Mimi nafuata walioruhusu, kutoka katika fungu la zawadi, na fungu la lazima nalipeleka kwa fakiri Mwislamu. Majirani zetu hutuletea sahani siku zao za sikukuu. Mlango wao usipitwe.

Nimalizie kwa joto letu, maana nyama nyingi tunaipoteza hapa. Nyama iliyotoka kuchinjwa bado ina joto la mwili. Ukiitia katika mfuko, ukafunga kwa nguvu, ukaipanga mifuko 20 ndani ya gunia kwenye jua, ya katikati itaharibika kabla ya adhuhuri. Dalili zake ni utelezi ukiigusa, rangi ya kijani pembezoni, na harufu ya uchachu. Itundikwe kivulini kwanza ipoe, ndipo ikatwe. Tumieni vikapu vya ukili, au mifuko mbadala iachwe wazi juu. Utumbo uoshwe mbali na nyama, usipangwe juu yake. Na iwe imefika majumbani kabla ya adhuhuri, kwa sababu mwenye njaa ameshasikia takbira tangu alfajiri ya Arafa na anajua leo ni siku gani.

Siku moja alichinjwa kondoo nyumbani kwa Mtume, nyama ikagawiwa. Akamuuliza Bibi Aisha: kimebaki nini? Akasema: haukubaki ila mkono wake. Mtume akasema: amebaki wote isipokuwa mkono wake.

Kina mama wa orodha tuonane hapa kesho baada ya Alasiri, kila mmoja aje na majina ya uani mwake. Mizani ya kilo 50 ipo, nyingine ndogo tunaiazima. Wenye visu, vinoeni leo nyumbani, msije kuvinoa mbele ya mnyama. Na mwenye mbuzi ambaye hajajua ampe nani fungu lake, asiondoke kabla hajaniona.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.